Maandamano ya Oyat na Upepo wa Luzira

Docus Aloyo alikulia katika kambi ya polisi, na Kiswahili alikipata hukohuko, kwa amri za gwaride na kelele za watoto wenzake, kabla hajajua kwamba nje ya geti watu wanasema Kiganda. Baba yake alikuwa polisi wa trafiki, mtu wa Gulu, mpole kuliko filimbi yake. Binti alirithi kwake jambo moja: masikio. Baba angeweza kukaa sebuleni na gazeti usoni akakuambia lori lililopita barabarani lina shida ya breki. Docus, akiwa bado mdogo, alianza kubishana naye, na mara nyingi alikuwa sahihi.

Masikio hayo ndiyo yaliyompa kazi. Baada ya shule aliajiriwa na redio moja ndogo kilimani Lubaga, akawa anatumwa sokoni, misibani na kwenye mikutano na mashine ya kurekodia begani. Alijifunza kwamba watu husamehe picha mbaya, lakini sauti mbaya huwafanya wainuke waende zao. Redio ilipofungwa hakulia sana. Alimtafuta Swaibu, kijana wa Mengo ambaye babu zake walitoka pwani na misafara ya nguo wakabaki kuuza nguo mpaka leo. Swaibu alikuwa na kamera na jicho zuri, ila video zake zilisikika kama zimechukuliwa ndani ya pipa.

"Wewe shika picha," Docus alimwambia siku ya kwanza, "mimi nitashika maneno."

Hivyo ndivyo walivyofungua studio yao nyuma ya duka la shangazi yake Swaibu. Walichukua nikaha, mahafali, kwanjula, zile sherehe za Waganda za kutambulisha mchumba, zenye wasemaji wasiojua kunyamaza, hata mazishi. Baada ya muda Docus naye alishika kamera, na Swaibu akajifunza kusikiliza. Wakati wa kazi nyingi waligawana: huyu huku, yule kule.

Siku Afande Okwir alipoingia studio, alisimama mlangoni kama anasubiri kukaguliwa. Alikuwa sajenti mstaafu wa bendi ya polisi, mrefu, suruali yake ina mkunjo wa pasi unaoweza kukata mkate. Baada ya kustaafu alikusanya wenzake wa zamani, wakaunda bendi yao wenyewe ya kupiga kwenye harusi na mazishi.

"Binti ya Aloyo wa trafiki," alisema. "Mimi najua baba yako. Tunataka video."

"Karibu, Afande. Video ya nini?"

Okwir alikaa, akaweka kofia gotini. Mpiga tromboni wao, Oyat, alikuwa anarudi kwao Kitgum moja kwa moja. Kifua kimechoka, shamba linamwita, na mke wake ametangulia huko kijijini. Sasa Oyat alikuwa ametunga wimbo wa maandamano, ule wa mwendo wa gwaride, wimbo wake mwenyewe, ambao bendi ilipenda kuupiga kuliko mwingine wowote. Hakuna aliyewahi kuuandika. Uko kichwani mwa Oyat na midomoni mwa wenzake, basi.

"Yeye akienda, wimbo naye anaenda," Okwir alisema. "Kale, haya, tushike kabla basi yake haijaondoka."

"Tutaushika," Docus alimjibu, bila shaka yoyote.

*

Walikubaliana wakutane Luzira, kwenye kiwanja cha nyasi karibu na gati, kwa sababu Okwir alitaka ziwa lionekane nyuma ya bendi. Basi la Oyat lingeondoka asubuhi inayofuata, kwa hiyo hapakuwa na siku nyingine. Siku hiyohiyo Swaibu alikuwa na nikaha Mengo. Walifunga mizigo kwa haraka, na Docus alipofika Luzira akafungua begi lake, alitambua kwamba mfuko mdogo wa bluu umeenda na Swaibu. Ndani ya mfuko huo kulikuwa na hedifoni zake, na ile kofia ya manyoya wanayoivisha maikrofoni upepo unapovuma.

Alisimama kidogo, mkono ungali ndani ya begi. Kisha akalitazama ziwa. Lilikuwa limetulia, magugu maji hayatikisiki, na korongo wawili wamesimama juu ya paa la ghala kuukuu la samaki kama watu wanaosubiri mshahara. Hakuna upepo, alijisemea. Na mistari ya kupimia sauti nitaiona kwenye kioo cha kamera. Alikuwa amefanya kazi hii miaka mingi, akaona anaweza siku moja kwenda bila hedifoni.

Wanabendi walishuka kwenye gari ndogo ya mizigo wakiwa wamevaa makoti mekundu. Opoka, mpiga ngoma kubwa, ndiye aliyekuwa wa mwisho kushuka, kwa sababu alikuwa anahakikisha vazi lake halikunjiki. Juu ya koti alivaa ngozi ya chui ya bandia, manyoya marefu ya manjano na madoa meusi, inayoshuka kutoka mabegani mpaka magotini.

"Hii usiguse," alimwambia Docus badala ya salamu. "Hii kitu ilitoka Nairobi."

Oyat alikuwa mtu mdogo, mkimya, mwenye macho ya kucheka. Alipofungua sanduku la tromboni yake aliifuta taratibu kwa kitambaa, kama mtu anayemwosha mtoto uso.

Okwir aliomba kwanza wapigwe picha wakiandamana, viatu vikipanda na kushuka pamoja, kwa ule mwendo wa polepole unaopendwa siku hizi kwenye video za harusi. Docus alizungusha kitufe cha juu cha kamera akaiweka kwenye mwendo wa polepole. Akazima pia swichi ya maikrofoni ndefu iliyokaa juu ya kamera, ili betri yake isiliwe bure, maana picha za namna hiyo hazina haja ya sauti. Wazee wakaandamana mara tatu, vumbi likapanda, na Okwir akafurahi.

"Sasa wimbo!" alipiga kelele. "Oyat, uko tayari? Bendi!"

Mambo yalikwenda haraka. Fimbo ya Okwir ilipanda, Docus akakimbilia mahali pake, akabonyeza kitufe chekundu. Jua lilikuwa limegonga kioo cha kamera mpaka alilazimika kukisia picha kwa vivuli tu.

Na Oyat akapiga. Wimbo ulianza kwa ngoma peke yake, mwendo wa watu waliochoka lakini wanaokaribia nyumbani. Kisha tarumbeta, kisha tromboni ikapita katikati yao kwa sauti ya chini, ikipanda, ikipanda, mpaka mwishoni ikashika noti moja ya juu, ikaishikilia hapo bila kutetemeka huku wengine wote wakinyamaza. Wauza samaki waliacha visu vyao. Noti ilipokatika, Oyat aliishusha tromboni, akainama, mikono magotini, akikohoa.

"Nimemaliza," alisema. "Hiyo ndiyo. Sina ingine kama hiyo."

*

Walitaka kuiona video palepale. Docus alivua jaketi lake akafunika kamera nalo ili kuwe na kivuli, na wazee wakasogeza vichwa, wakinukia mafuta ya kung'arishia shaba. Akabonyeza.

Kwenye kioo kidogo fimbo ya Okwir ilianza kupanda. Ikachukua muda kufika juu. Mikono ya Opoka ikaja kwenye ngoma kama mikono ya mtu anayeogelea. Mashavu ya wapiga tarumbeta yakavimba polepole, yakawa mipira. Na hakuna kilichosikika, hata kidogo.

"Mbona tunacheza kama tuko chini ya maji?" Opoka aliuliza.

"Na mbona mabubu?" mwingine alisema. "Ama ni mimi nimekuwa kiziwi?"

Docus alijua papo hapo. Hata hivyo alifuata utaratibu wake, kwa sababu utaratibu humtuliza. Aliongeza sauti ya spika ya kamera mpaka mwisho: kimya. Akafungua kipande cha harusi ya wiki iliyopita, na bibi harusi akacheka kwa nguvu mpaka korongo mmoja akageuza shingo. Basi spika ni nzima. Tatizo liko kwenye kilichorekodiwa. Akaangalia kitufe cha juu: bado kiko kwenye mwendo wa polepole. Katika hali hiyo kamera yake hairekodi sauti kabisa, na ile mistari midogo ya kuonyesha sauti hutoweka kwenye kioo. Kama jua lisingekuwa limegonga kioo, angeona haipo. Kama angekuwa na hedifoni, angesikia ukimya kabla ya pigo la kwanza la ngoma.

Alirudisha kitufe kwenye hali ya kawaida. Mistari ikatokea tena, lakini imelala. Akapiga makofi mbele ya maikrofoni, haikuamka. Akaifuata waya mpaka kwenye tundu la kamera: imeingia tundu la maikrofoni, si la hedifoni, na imebana vizuri. Akaingia kwenye menyu: kurekodi sauti kumewashwa. Ndipo akakumbuka swichi aliyoizima mwenyewe. Na kamera, ikishachomekewa maikrofoni ya nje, huifunga ile ya ndani. Hivyo ya nje ikizimwa, hakuna inayosikiliza. Akaisukuma swichi, taa ndogo ya kijani ikawaka, na alipopiga makofi mistari iliruka.

"Afande," alisema, akasimama wima. "Kosa ni langu. Niliacha kamera kwenye mwendo wa polepole, na huko haishiki sauti. Maikrofoni nayo nilikuwa nimeizima. Sasa nimerekebisha vyote. Naomba mpige tena."

Okwir alimtazama Oyat. Wote walimtazama Oyat.

Oyat aligusa midomo yake kwa vidole viwili. "Midomo imekwisha," alisema taratibu. "Mnipe nafasi. Nikunywe chai."

"Kunywa, mzee," Docus alisema. "Hata mbili."

*

Lakini chai ilipokuwa inanywewa, ziwa lilibadilika. Ilikuwa mchana umepinda, na kama ilivyo kawaida ya Luzira, upepo ukaanza kutoka majini. Kwanza magugu yalisogea, kisha kofia ya mtu ikaruka. Docus alirekodi jaribio fupi, akalisikiliza kwenye spika. Lilikuwa na mngurumo kama wa lori linalopakua mawe.

Alimpigia Swaibu. Huko nyuma yake kulisikika kaswida.

"Mfuko wa bluu uko kwako."

"Ya Rabi! Nimeuona sasa hivi. Shehe ndiyo anaanza, Docus, siwezi kutoka. Nikutumie na boda?"

"Kutoka Mengo mpaka Luzira, saa hii ya foleni? Mzee atakuwa amelala. Una wazo?"

"Ivishe maikrofoni sponji."

"Nimeivisha."

"Basi umenizidi," Swaibu alisema. "Lakini wewe hujawahi kushindwa na upepo. Nenda."

Docus alicheka, na kicheko kile kilimrudishia nguvu. Alimgeukia Opoka, aliyekuwa akisikiliza mpira kwenye simu. "Mzee, naomba hizo za masikio." Alizichomeka kwenye tundu la hedifoni la kamera. Hazikuwa nzuri, na sikio la kushoto lilikwaruza, lakini sasa alikuwa anasikia. Kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa nusu ya safari.

Kwenye menyu ya kamera kulikuwa na sehemu ya kupunguza upepo. Aliiwasha, hakuna kilichobadilika, kwa kuwa kwenye kamera ile ilihudumia maikrofoni ya ndani peke yake. Akaizima. Kwenye maikrofoni yenyewe kulikuwa na swichi nyingine, ya kukata mngurumo wa chini. Alipoiwasha, lori likawa gari dogo. Ngoma ya Opoka ingepungua uzito kidogo, lakini alikubali. Hata hivyo, kila upepo ulipokuja kwa nguvu, pigo lilikuwa lilelile: puu, puu, kama mtu anapuliza sikioni.

"Afande, tusogee kwenye ukuta wa ghala. Utatukinga."

"Ukuta ya samaki?" Okwir alikunja uso. "Mimi nilisema ziwa."

"Nikiweka bendi huku, upepo unatoka ziwani unaingia moja kwa moja kwenye maikrofoni. Tusimame pembeni ya ukuta, kwenye kona. Ziwa utaliona upande wa kushoto."

Okwir alienda akasimama kwenye kona, akafunga jicho moja, akapima. "Kale," alisema mwishoni. "Robo ya ziwa."

Kona ilisaidia sana, ila haikumaliza. Upepo ulizunguka ukuta na kuja kwa vipande. Sponji ile ilikuwa ya ndani ya nyumba, ya kuzuia pumzi ya msemaji. Kwa upepo wa ziwa ilikuwa kama kanga kwenye mvua ya mawe. Alihitaji manyoya, marefu na malegevu, ya kuuvunja upepo kabla haujaigusa maikrofoni, lakini yapitishe sauti.

Macho yake yakatua juu ya Opoka.

Opoka aliona yalipotua. "Hapana," alisema.

"Mzee Opoka..."

"Hapana, nnyabo! Hapana, mama! Ilitoka Nairobi!"

"Nataka upindo wa chini tu, huku nyuma. Hakuna mtu anauona."

"Mungu anaona."

Vicheko vilipasuka. Docus hakucheka. Alishika upindo wa ngozi ile kwa vidole viwili, akauweka mdomoni, akapuliza. Pumzi yake ilipita upande wa pili, dhaifu lakini ilipita. Kitambaa cha nyuma kilikuwa chepesi, cha kufumwa. Kingekuwa kizito kama turubai, kingeiziba tromboni pamoja na upepo.

"Hii itafaa," alisema. "Bila hii, mzee, nitampa Oyat aende Kitgum na sauti ya ziwa. Wimbo wake utakuwa humo ndani, lakini atautafuta."

Opoka alimtazama Oyat, aliyekuwa amekaa juu ya sanduku la tromboni na kikombe cha chai mikononi, haombi chochote. Walikuwa wamepiga bega kwa bega tangu walipokuwa vijana wenye viuno vyembamba. Mpiga ngoma alifungua vifungo vya mabegani, akavua vazi lake, akampa Okwir.

"Kata wewe, Afande. Mimi siwezi kuangalia."

Okwir alitoa mfukoni kifuko cha sindano, uzi na mkasi mdogo, kile ambacho askari wa zamani hawaachi nyumbani. Alikata kipande, akakizungusha juu ya sponji manyoya yakiwa nje, na kwa mishono midogo iliyonyooka, akakishona kiwe soksi iliyofungwa mwisho. Docus aliivika maikrofoni. Ilionekana kama mkia wa mnyama ambaye hajapata jina.

Aliweka hedifoni za Opoka masikioni na kusubiri. Upepo ulikuja, nyasi zikalala, koti la Okwir likapepea. Masikioni mwake kulisikika kitu kama mtu anayefagia chumba cha mbali. Kisha, wazi kabisa, mwuza samaki mmoja akamwambia mwenzake, "Huyu mwanamke amevisha kamera nguo."

Docus aliinua kidole gumba.

Kilichobaki ni kipimo cha sauti. Hakutaka kamera ijipimie yenyewe, maana ingeshusha sauti ngoma ikipigwa na kupandisha upepo kila bendi ikinyamaza. Aliweka kipimo cha mkono.

"Wote isipokuwa Mzee Oyat: nipeni sehemu yenye kelele kuliko zote."

Walimpa. Mistari ikagonga mwisho, ikawa myekundu. Akapunguza, wakarudia, akapunguza tena, mpaka mistari ilipocheza juu lakini ikabakiza nafasi. Akarudia kuangalia kila kitu kwa sauti ili wote wasikie: "Mwendo wa kawaida. Maikrofoni imewaka. Waya imebana. Mistari inacheza. Nasikia." Kisha akamwangalia Oyat. "Wakati wako, mzee. Mimi siendi popote."

*

Oyat alisimama. Alilamba midomo, akaweka tromboni. Fimbo ikashuka.

Mara hii wimbo ulikwenda polepole kidogo. Docus hakuuona kwa macho. Alifumba macho, akausikiliza ndani ya zile hedifoni mbovu, ngoma ikitembea, tarumbeta zikija, tromboni ikipita katikati. Alisikia pumzi ya Oyat ikivutwa kabla ya kila sentensi. Walipokaribia mwisho wenzake walinyamaza, na kila mtu pale kiwanjani alijua kinachosubiriwa.

Oyat hakuipanda noti ile. Midomo haikuwa nayo tena. Badala yake alishuka. Aliteremsha tromboni hatua kwa hatua mpaka chini kabisa, mahali palipo joto, akaiacha noti ya chini ikae humo, pana, tulivu, mpaka pumzi ilipomwishia. Nyuma yake kulikuwa na upepo kidogo, mbali, kama unavyosikika ukiwa ndani ya nyumba.

Hakuna aliyesogea mpaka Docus alipobonyeza kitufe.

"Sikuweza kupanda," Oyat alisema. "Nimeharibu."

Docus alimvisha hedifoni na kumrudishia wimbo tangu mwanzo. Mzee alisikiliza kichwa kimeinama, kidole chake kikihesabu mapigo pajani. Ulipofika mwisho, kidole kilisimama.

"Nilitunga vibaya," alisema hatimaye, akicheka kwa macho. "Miaka yote. Inatakiwa ishuke." Akamgeukia Okwir. "Afande, nikiondoka, anayenifuata umwambie ashuke."

"Nitamwambia," Okwir alisema. "Na akibisha, nitamwonyesha video."

Opoka alikuwa tayari amemfikia Docus, mkono mbele, akidai hedifoni zake. Kipindi cha pili cha mpira kilikuwa kimeanza.